Mataulo 47 yalienda wapi? Maongezi na wenzangu wa hausikipingi, Bagamoyo

Wenzangu habari za asubuhi, karibuni, waliokaa nyuma sogeeni mbele maana hiyo feni inanimeza sauti. Leo siongelei shuka wala foronya, naongelea taulo la kuogea tu, kwa sababu mkilijua taulo hayo mengine hesabu ni ileile.

Nawapa hoteli moja ya hapahapa pwani, jina tuliache, nimefanya kazi pale. Vitanda 40, taulo moja kila kitanda, kwahiyo seti moja ni mataulo 40. Tulijiwekea seti 4, yaani 160: moja iko vyumbani, moja iko londri, moja iko stoo imekunjwa inasubiri, ya nne ni akiba. Sasa watu wanadhani hizo seti 4 ni sheria imeshuka kutoka juu, hapana, seti ni siku ambazo taulo linakuwa nje ya chumba. Kiangazi unafua asubuhi saa nane mchana limekauka, londri inashika seti moja basi. Ikija masika na sisi tunaanika kambani, taulo linakaa siku mbili bado lina unyevu na ukilikunja hivyo linanuka uvundo, kwahiyo londri inashika seti 2. Ile akiba ndiyo inakuokoa hapo.

Wikendi ya Pasaka wageni wa Dar wakajaa, vyumba vyote, mvua inapiga toka Alhamisi. Jumamosi jioni stoo kuna mataulo 11. Kumi na moja! Meneja akataka tununue 60 fasta, mimi nikasema kabla ya kununua tuhesabu kwanza.

Na kuhesabu jamani siyo kwenda stoo na daftari. Tulichagua siku moja, saa nne asubuhi, taulo lolote lisihame mahali lilipo mpaka tumalize, mmoja yuko vyumbani, mmoja kwenye toroli, mmoja londri mpaka ndani ya mashine na kambani, mwingine stoo. Ukihesabu stoo leo na londri kesho utahesabu taulo moja mara mbili halafu utajisifu hakuna upotevu.

Pasaka ya mwaka wa nyuma tulikuwa na 160, katikati tukanunua 40, jumla 200. Yaliyofutwa kwenye daftari kwa kuchakaa ni 22, kwahiyo yalitakiwa yawepo 178. Tukapata 131. Yamepungua 47, na kila mtu akaanza kumtazama mgeni.

Tulipochimba, 19 yalikatwa matambara ya kudekia bila mtu kuandika (nilipoona pindo lenye uzi wetu kwenye ndoo ya bafuni nilicheka halafu nikakasirika). 6 yalikuwa kwa dobi wa nje toka siku umeme ulipokatika, yakarudi. 22 hatukuyaona kabisa, mengine yameenda ufukweni na mengine kwenye mabegi, hapo ndio mgeni anahusika.

Sasa bajeti. Vyumba vyetu vilijaa wastani asilimia 60, yaani vitanda 24 kwa usiku, taulo linabadilishwa kila siku, mafuo 24 kwa siku mara 365 ni 8,760 kwa mwaka. Taulo letu tulilikadiria mafuo 150 kabla halijawa gumu na kufumuka pindo. Gawanya, unapata kama 58 yanayokufa kwa mwaka. Na hapa wengi wanateleza: ukiwa na mataulo mengi stoo hayo 58 hayapungui, maana anayefanya taulo lifuliwe ni mgeni siyo stoo, wingi unafanya tu kila moja lifuliwe kwa nafasi.

Ona sasa, sisi tulitoa 22 ya daftari na 19 ya matambara, 41. Mbona siyo 58? Kwa sababu mengine yalishaisha ila bado tulikuwa tunampa mgeni.

Kwahiyo tukaandika hivi: 58 ya kuchakaa na 22 ya kupotea, 80 kwa mwaka, tukanunua 20 kila miezi mitatu badala ya kungoja Pasaka. Tulikadiria shilingi 15,000 kwa taulo, hiyo ni 1,200,000. Juu yake 23 mara moja tu ili 137, yaani yale 131 na 6 yaliyorudi kwa dobi, yarudi 160, laki tatu na 45 elfu. Kila mzigo mpya tunashona uzi wa rangi tofauti kwenye pindo, ukiliona tu unajua umri wake.

Dada pale ananiuliza madoa ya rangi ya chungwa. Hayo mara nyingi ni losheni ya jua ya mgeni imekutana na maji ya kisima yenye chuma, na ukimwaga jiki ndio unalipigilia doa. Loweka na sabuni nyingi mapema kabla ya kufua, jiki weka mbali, doa likigoma ndio unaliondoa taulo, na unapolikata tambara, daftari kwanza, mkasi baadaye.