Stopu ya pipsi 20 umeipima na nini?

Haya tuendelee. Nimeshasema sana na leo narudia, mtu akiniambia "mimi stopu yangu ni pipsi 20, siku zote" huyo hajapima kitu. Upo EURUSD chati ya siku, ATR, yaani wastani wa umbali bei inaotembea kwa kila kendo, inasoma pipsi 70, wewe umeweka 20, soko likijinyoosha kidogo tu ushatolewa, halafu unalalamika broka anakuwinda. Akuwinde wewe mwenye dola 500, jamani!

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kusema si kuna standadi devieshini, nayo si inapima mtikisiko? Inapima, ila ile ya kwenye MetaTrader, ukiiacha ilivyo, inaangalia bei za kufunga tu, zimekaa mbali kiasi gani na wastani wao. Sasa chukua siku 20, kila siku bei inafunga pipsi 20 juu ya jana, taratibu, hakuna gepu, kila kendo ina pipsi 40. Devieshini itakusomea kama 115, maana safari yote ya kupanda imeihesabu kama fujo, wakati ATR inasema 40. Geuza. Bei inafunga palepale kila siku, lakini mchana inashusha mkia pipsi 80 na kurudi. Devieshini inasoma sifuri! Na stopu yako haingoji bei ya kufunga, mkia ukiigusa umetoka.

Ndo maana Welles Wilder, aliyeileta ATR mwaka 1978, kila siku anachukua umbali mkubwa kati ya mitatu: juu hadi chini ya leo, kufunga kwa jana hadi juu ya leo, na kufunga kwa jana hadi chini ya leo. Hiyo miwili ya mwisho inanasa gepu. Kisha wastani, kwa kawaida wa kendo 14.

Sasa weka stopu ATR mbili, pipsi 140. Loti 0.01 ni senti 10 kwa pipsi, kwa hiyo dola 14. Kwenye dola 500 ukihatarisha asilimia 1 unayo dola 5 tu. Haitoshi hata loti ndogo kabisa! Hapo watu wanafanya nini? Wanasogeza stopu karibu. Hapana bwana, shuka chati ya saa moja, tuseme ATR ni 12, stopu 24, dola 2.40 kwa 0.01, unaingia na 0.02. Stopu kwanza, loti baadaye.

Muda umeniishia, haraka haraka. ATR inajua yaliyopita tu. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa kizingiti cha 1.20 ilichokuwa inakilinda kwenye EURCHF, yaani euro kwa faranga, ATR ilikuwa ndogo kabisa, bei ikaanguka chini ya 1.00 ndani ya dakika, stopu zikajazwa mbali huko. Na mnaouza, ongezeni spredi, ile tofauti ya bidi na aski, juu ya stopu, chati inaonyesha bidi, bei ya kuuzia, nyie mnafungwa kwa aski, bei ya kununulia. Haya, maswali.