Kuhamisha Haki na Kubadilisha Mdaiwa: Nani Huarifiwa, Nani Huombwa Ridhaa

Ndugu wasikilizaji, mtu anayeuza biashara yake mara nyingi huamini kwamba pamoja na vifaa na wateja ameuza pia mikataba yake yote, na kwamba tangu siku ya kutia saini yeye amekwishatoka. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, imani hiyo ni sahihi nusu tu. Alichokuwa akidai anaweza kumpa mwingine. Alichokuwa akidaiwa hawezi kukiondoa mabegani mwake mpaka yule anayemdai akubali.

Natumia mfano mmoja hadi mwisho. Kampuni ya kwanza imeingia mkataba na kiwanda wa kuzifanyia matengenezo mashine zake kwa miaka mitatu, kwa malipo ya kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja inaiuzia kampuni ya pili shughuli zake. Siku hiyo kiwanda kinadaiwa ankara za jumla ya 12,000, na bado kuna miaka miwili ya kazi mbele.

Tuanze na ankara. Kampuni ya kwanza inaweza kuihamishia kampuni ya pili haki ya kulipwa 12,000 bila kukiomba kiwanda ruhusa, kwa sababu kulipa ni kulipa, na mzigo wa kiwanda hauongezeki kwa kubadilika jina la mpokeaji. Hata hivyo kiwanda kinapaswa kuarifiwa. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1925 kuhusu mali, uhamishaji kamili wa deni hufanywa kwa maandishi yaliyotiwa saini na mhamishaji, na mdaiwa hupewa taarifa ya maandishi. Hapo mpokeaji wa haki anaweza kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Kabla ya taarifa kufika, kiwanda kikiilipa kampuni ya kwanza kwa nia njema, deni limekwisha, na kampuni ya pili itabaki kumfukuzia pesa yule aliyeiuzia.

Taarifa ina kazi nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Katika kesi ya Dearle na Hall, iliyoamuliwa mwaka 1828, mtu mmoja alihamisha haki yake ya kupata kipato kutoka kwa wadhamini wa mali, yaani watu wanaoishika mali kwa manufaa ya wengine, kisha akaihamisha tena kwa wengine. Hall alikuwa wa mwisho kununua, lakini ndiye aliyewauliza wadhamini na kuwapa taarifa kabla ya wenzake, na mahakama ikampa yeye kipaumbele. Kwa hiyo anayenunua deni asiiweke taarifa mezani akisubiri wakati mzuri. Aipeleke siku ileile.

Tena, mpokeaji huipokea haki pamoja na kasoro zake. Ikiwa kabla ya uhamishaji fundi wa kampuni ya kwanza aliharibu mashine na kukitia kiwanda hasara ya 2,000, kiwanda kina haki ya kukata hasara hiyo katika deni la mkataba uleule. Kampuni ya pili itapata 10,000, hata kama ilinunua ankara bila kusikia habari za mashine hiyo. Ndiyo maana mnunuzi makini humuuliza mdaiwa kwanza kama ana lalamiko lolote, na husoma mkataba kuona kama unakataza uhamishaji. Mwaka 1993 Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilishikilia, katika kesi ya Linden Gardens, kwamba uhamishaji uliofanywa kinyume cha katazo la namna hiyo haumfungi upande wa pili. Baadhi ya nchi zimetunga sheria za kulegeza makatazo hayo kwa madeni ya biashara, hivyo sheria ya mahali husika lazima iangaliwe.

Sasa miaka miwili ya matengenezo iliyobaki. Hapa swali linalopaswa kuulizwa ni moja: je, kiwanda kilitaka kazi ifanyike, au kilitaka ifanywe na kampuni hii hasa? Kuna kesi mbili zinazolijibu vizuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1831, katika kesi ya Robson na Drummond, mtu alikuwa amekodi gari la farasi kwa miaka mitano kutoka kwa mtengenezaji ambaye aliahidi pia kulipaka rangi na kulitunza. Mtengenezaji akastaafu kabla ya muda kwisha, na mshirika wake akataka kuendelea. Mkodi akakataa, na mahakama ikamuunga mkono, kwa sababu alikuwa ameweka imani katika ustadi na ladha ya mtu aliyemchagua. Mwaka 1880, katika kesi ya kampuni ya British Waggon dhidi ya Lea, kampuni iliyokodisha mabehewa ya reli na kuahidi kuyakarabati iliingia katika kufungwa, ikakabidhi mikataba kwa kampuni nyingine iliyochukua pia vituo vya ukarabati na mafundi walewale. Wakodi walidai wako huru. Mahakama ilikataa: kukarabati mabehewa ni kazi ambayo fundi yeyote wa kawaida anaweza kuifanya, wala hakuna aliyemchagua mkodishaji kwa ustadi wake binafsi.

Naomba tusiipanue hukumu hiyo kupita kiasi. Haikusema kwamba wajibu ulihama. Ilisema kwamba wajibu uleule unaweza kutekelezwa kwa mkono wa mwingine. Katika mfano wetu, mafundi wa kampuni ya pili wanaweza kuja kiwandani, lakini wakivuruga kazi, kiwanda kitaidai kampuni ya kwanza, hata kama ilishapokea bei ya mauzo na kuamini kwamba mambo hayo si yake tena.

Njia ya kuitoa kabisa ni novesheni, yaani makubaliano ya pande zote tatu kwamba mkataba wa zamani unakufa na mkataba mpya kati ya kiwanda na kampuni ya pili unazaliwa mahali pake. Hapa taarifa haitoshi hata ikiandikwa kwa ufasaha gani, inatakiwa ridhaa. Ridhaa inaweza kuonekana katika mwenendo, lakini mahakama haziidhanii kwa wepesi. Kiwanda kulipa ankara za kampuni ya pili kwa miezi kadhaa kunaweza kumaanisha tu kwamba kinakubali kazi ifanywe na mkono mwingine. Kinachotafutwa ni dalili kwamba kilimwachilia mdaiwa wa kwanza, kwa mfano barua inayosema kwamba madai yote ya baadaye yataelekezwa kwa kampuni ya pili peke yake.

Mambo mawili husahaulika katika hati ya novesheni. La kwanza ni tarehe. Bila kusema nani anabeba hasara ya ile mashine iliyoharibika kabla ya siku ya mabadiliko, pande zote zitagombana juu ya 2,000 ileile. Afadhali hati itamke kwamba kampuni ya kwanza inabaki na yaliyotokea kabla, au kwamba ya pili imeyachukua yote. La pili ni mdhamini. Ikiwa mtu alikidhaminia kiwanda kwamba kampuni ya kwanza itatimiza kazi, dhamana yake ilishikamana na mkataba ambao sasa umekufa, naye kwa kawaida huwa huru. Kiwanda kinachotaka kuendelea kulindwa kimwite mdhamini huyo, au kipate mwingine, na saini yake iwe katika hati kabla kampuni ya kwanza haijaachiliwa.