Tangazo la Kazi na Karatasi ya Alama kwa Muuzaji wa Kwanza wa Duka la Vifaa vya Ujenzi

Karibuni. Leo tunaandaa vitu viwili: tangazo la kazi na karatasi ya alama za usaili. Hii ni kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mpaka sasa anauza mwenyewe na amezidiwa. Chukua kalamu na karatasi mbili.

Anza na tangazo. Usiandike "anahitajika kijana mchangamfu, mwenye kujituma." Nani atakayesema hajitumi? Andika kazi yenyewe ilivyo. Langu ni hili:

"Muuzaji wa kaunta, duka la vifaa vya ujenzi. Utahudumia wateja, utakata risiti, utapokea mzigo na kuuhesabu, na utafunga mauzo kila jioni. Kuna kubeba mizigo mizito. Jumamosi tunafanya kazi. Si lazima uwe umewahi kuuza vifaa vya ujenzi. Mshahara ni huu hapa. Tuma ujumbe mfupi ujibu swali hili: mteja akisema anataka misumari, utamuuliza nini kwanza?"

Hilo swali la mwisho ndilo chujio lako. Anayejibu "nitamuuliza anataka kilo ngapi" bado hajafika mbali. Anayejibu "anapigilia nini, mbao au bati?" huyo muite, maana msumari wa bati una kofia pana ya kuziba tundu na wa mbao hauna. Wale wanaotuma barua ndefu bila kugusa swali, waweke pembeni.

Sasa karatasi ya pili. Chora mistari minne: kuuliza mteja, hesabu, pesa, na ujuzi wa bidhaa. Kila mstari una alama 1 hadi 5. Kisha zidisha: kuuliza mara 3, hesabu mara 2, pesa mara 2, bidhaa mara 1. Jumla kamili ni 40. Bidhaa nimeipa uzito mdogo kwa sababu majina na vipimo atavijua akishazoea rafu. Tabia ya kumsikiliza mteja ni ngumu zaidi kumfundisha mtu mzima.

Kuuliza na hesabu tunazipima kwa igizo moja. Wewe ni mteja, unamwambia: "Nataka vigae vya chumba, mita 4 kwa 3." Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wenye maduka wengi tunaposhindwa; tunamsaidia mtu bila kujua. Akiuliza kama ni sakafu au ukuta, kama panapita maji, na kama gundi unayo, mpe 5. Akiuliza moja tu, 3. Akikimbilia rafuni, 1.

Kisha mpe kikokotoo na ukubwa wa kigae, sentimita 30 kwa 30. Eneo ni mita za mraba 12, kigae kimoja ni 0.09, kwa hiyo vinatoka 134. Ukiongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, vinafika 148. Kama boksi lina vigae 17, mteja anabeba maboksi 9. Aliyepata 134 akasimama hapo, 3. Aliyekumbuka vya kuvunjika na kufikia boksi zima, 5.

Upande wa pesa, muulize: "Umefunga mauzo, droo imepungua kuliko daftari. Unafanya nini?" Jibu la 5 lina mpangilio: anahesabu upya, anatafuta mkopo au chenji isiyoandikwa, anakuambia siku hiyohiyo. Angalia mtego: "nitajazia mfukoni kwangu." Linasikika kama uaminifu, lakini kosa linafichika na kesho litarudi. Mpe 2. Na weka sharti: chini ya 3 kwenye pesa, humwajiri hata jumla ikiwa nzuri.

Tuone wawili. Wa kwanza anaongea vizuri, anazijua geji zote za bati: kuuliza 2, hesabu 3, pesa 3, bidhaa 5. Ukizidisha unapata 6, 6, 6 na 5, jumla 23. Wa pili mpole, bati nene na jembamba hazitofautishi: 5, 4, 4, 2. Hiyo ni 15, 8, 8 na 2, jumla 33. Mimi zamani ningemchukua wa kwanza kabla hajamaliza kunisalimia, na niliwahi kufanya hivyo. Aliuza sana, na nusu ya alivyouza vilirudishwa.

Wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Mkiwa wasaili wawili, kila mmoja aandike alama zake kabla hamjazungumza, na aandike mwombaji akiwa ndiyo kwanza ametoka mlangoni. Mkipishana kwa alama 2 au zaidi kwenye mstari mmoja, kila mtu asome maneno aliyoyasikia, siyo alivyojisikia.

Anayeongoza muite Jumamosi moja ya majaribio, umlipe siku hiyo. Alama zake za kaunta ziandike kwenye karatasi ileile, kwa kalamu ya rangi nyingine.