Kijiko Kimoja cha Unga Mweupe

(Mhadhara wa mfamasia kwa walimu wa mazoezi na wanafunzi wa chuo, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Asanteni kwa kuja, na samahani kwa joto la ukumbi. Hapa mezani nina mizani ya jikoni, kijiko cha chai na unga wa ngano. Unga huu ni wa chapati, msiogope. Leo tutaujifanyisha kuwa ni kafeini, kwa sababu kafeini halisi ya unga nayo ni nyeupe, haina harufu, na mtu asiyeambiwa anaweza kuikoroga kwenye uji akidhani ni sukari laini.

Kocha, njoo unisaidie. Nataka unipimie miligramu 200, yaani robo ya gramu kasoro kidogo. Ndicho kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa kwa mara moja bila wasiwasi. Chota, weka. Inasoma ngapi? Sifuri. Ongeza. Bado sifuri? Ongeza tena, taratibu.

Mnaona anavyohangaika. Mizani nyingi za jikoni zinahesabu gramu nzima nzima, na uzito mdogo unaoongezwa kidogo kidogo zinauchukulia kama vumbi, zinajirudisha zenyewe kwenye sifuri. Kocha ameshamwaga dozi kadhaa na mizani bado inamwambia hajaweka kitu. Asante, kaa.

Sasa tuzungumze vipimo, na nitavitaja vichache tu ili mvikumbuke. Mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku nzima kwa kawaida hazimdhuru. Mjamzito asivuke 200. Kikombe cha kahawa ya unga wa kuyeyusha kina kama 60, ile ya kuchuja inakaribia 100, chai ya rangi karibu nusu ya hapo, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80. Hata kidonge cha Panadol Extra mnachomeza kichwa kikiuma kina 65, na wengi hawaihesabu. Upande wa hatari, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema miligramu 1,200 zikiingia kwa haraka zinaweza kuleta degedege.

Kwa kahawa, kufikia 1,200 kwa haraka ni kazi. Ni vikombe zaidi ya kumi, vya moto, vichungu. Tumbo litakataa, mikono itatetemeka, utakwenda chooni mara nne kabla hujamaliza. Kahawa ina breki zake. Kwa vidonge vya miligramu 200, ni vidonge sita na funda la maji. Kwa unga, ni chini ya nusu kijiko cha chai. Kijiko kizima FDA wanakilinganisha na vikombe kama 28 vya kahawa.

Nitaanza na vidonge, maana hivyo nimeviona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali ambayo sitaitaja. Saa tisa usiku muuguzi wa dharura akanipigia: “Dokta, njoo uone kichupa hiki, hatukielewi.” Nikakuta binti wa chuo, mwembamba, kilo 52. Wenzake wamemleta wakisema ana malaria imepanda kichwani. Anatapika bila kukoma, mikono inatetemeka kama ya mtu mwenye baridi kali lakini jasho linamtoka, hatulii kitandani, anaongea haraka kuliko tunavyoweza kumfuata. Mapigo ya moyo 150 kwa dakika. Kipimo cha malaria hakuna kitu.

Kichupa kilikuwa cha vidonge vya kafeini, miligramu 200 kila kimoja, alivyotumiwa na ndugu aliye nje. Alipotulia kidogo akatueleza. Ana mtihani asubuhi. Saa tatu usiku alimeza viwili. Nusu saa ikapita, bado anasinzia, akasema hivi havifanyi kazi, akaongeza viwili. Kisha vingine. Mpaka saa saba alikuwa amemeza kumi. Hizo ni miligramu 2,000, mara tano ya kiasi cha siku nzima, ndani ya saa nne.

Kosa lake lilikuwa la saa. Kafeini huchukua kati ya nusu saa na saa moja, wakati mwingine zaidi kama umekula, mpaka ifike kileleni kwenye damu. Kuiondoa ndiko kunakochelewa: ini linahitaji kama saa tano kupunguza nusu yake. Yeye alikuwa anajaza ndoo kwa bomba kubwa huku tundu la kutolea ni dogo. Na kafeini ikishazidi sana, ini lenyewe huelemewa, zile saa tano zikawa nyingi zaidi. Kwa mjamzito, au kwa anayetumia dawa kama siprofloksasini, tundu hilo ni dogo tangu mwanzo.

Mwilini inakuwaje? Tangu asubuhi ubongo hujikusanyia kitu kinaitwa adenosini, na ndicho kinacholeta usingizi kikishakaa kwenye viti vyake. Kafeini ni yule abiria wa daladala anayewahi kiti cha mwenzake. Adenosini imefika, imejaa mlangoni, lakini haina pa kukaa. Kwa kikombe kimoja mambo yanaishia hapo, unakuwa macho. Kwa dozi kubwa, adrenalini na ndugu zake wanamiminwa kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, na potasiamu, ile chumvi inayousaidia moyo kushika mdundo wake, inahama kutoka kwenye damu na kujificha ndani ya seli. Binti yule potasiamu yake ilikuwa imeshuka sana. Moyo unaokimbia huku potasiamu iko chini unaweza kupoteza mdundo kabisa, na hicho ndicho kinachoua.

Kwa hiyo mjue kutofautisha. Kukosa usingizi, kutetemeka kidogo, tumbo kuchafuka: umezidisha, acha, kunywa maji, itapita. Lakini kutapika kusikokoma, moyo kudunda ovyo ovyo, kifua kuuma, kuchanganyikiwa, degedege, kuzimia: hiyo ni hospitali, wala usisubiri dalili zote zitimie. Na aliyemeza unga au vidonge vingi mpelekeni hata kama bado anacheka. Msimtapishe. Msimlazimishe maziwa, najua kwetu kila sumu dawa yake ni maziwa, lakini maziwa hayaiondoi kafeini, na mtu mwenye degedege atayavuta mapafuni. Akianza degedege mlazeni kwa ubavu. Tafuteni gari, si bodaboda. Na mchukue kichupa au pakiti mwende nayo. Bila kile kichupa, sisi tungepoteza saa nzima tukitafuta malaria.

Dawa ya kuifuta kafeini hakuna. Akiwahi, atapewa mkaa maalum wa hospitali uinase kabla haijaingia kwenye damu. Binti yule alikuwa amechelewa kwa hilo. Alipewa diazepamu ya kumtuliza, potasiamu kwa dripu taratibu, na mashine ya moyo ikamchunga mpaka jioni ya siku ile. Akapona. Mtihani aliufanya muhula uliofuata.

Sasa unga. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, wanafunzi wawili wa sayansi ya michezo walijitolea kwenye jaribio: wanywe kafeini, kisha wafanye mazoezi wapimwe. Kila mmoja alipaswa kupata gramu 0.3, sawa na vikombe vitatu vya kahawa. Zamani chuo kilitumia vidonge kwa kazi hii. Safari hii wakatumia unga. Hesabu ikapigwa kwenye simu, nukta ikakaa mahali pasipo pake, na kila kijana akanywa kama gramu 30, imechanganywa na maji na juisi ya machungwa. Vikombe mia tatu kwenye glasi moja.

Wakaumwa vibaya mara moja, wakaingizwa wodi ya wagonjwa mahututi na damu yao ikasafishwa kwa mashine. Walipona, namshukuru Mungu, ingawa mmoja wao alipoteza kumbukumbu kwa muda. Mahakamani ikatajwa kwamba gramu 18 zilikwishaua mtu. Mwaka 2017 chuo kikatozwa faini ya pauni 400,000.

Tazameni tofauti. Kama wangekuwa na vidonge, nukta ikikosewa hesabu ingewaambia wampe mtu vidonge mia na hamsini. Yeyote angeshituka, hata asiye na shule. Kidonge kinahesabika kwa jicho. Unga hauna jicho hilo: gramu 30 ni rundo tu chini ya glasi, linakorogwa, limekwisha.

Mwaka 2021, huko Wales, mwalimu wa mazoezi, mwenzenu kabisa, alinunua unga mtandaoni. Pakiti ilielekeza dozi ya miligramu, mizani yake ilianzia gramu mbili. Alifariki. Damu yake ilikutwa na miligramu 392 za kafeini kwa lita, wakati kikombe cha kahawa huacha mbili mpaka nne. Ndiyo maana nilianza na Kocha na ile sifuri.

Basi, maswali. Ndiyo, wewe wa nyuma.

“Dokta, mimi nina mizani ya sonara. Inapima mpaka sehemu ya mia ya gramu. Hiyo je?”

Swali zuri, na mizani yako ni bora kuliko hii yangu. Itaisoma 0.20 vizuri tu. Lakini niambie, asubuhi ya saa kumi na moja, kabla ya mazoezi, una usingizi, betri ya mizani imeanza kwisha, nani anasimama pembeni yako kuangalia kwamba umesoma 0.20 na siyo 2.0? Na ile pakiti ya gramu mia iliyobaki kabatini, dozi mia tano za watu wazima, mdogo wako akiikuta atajua ni nini? Vijana wa Northumbria walikuwa na maabara nzima, ndugu yangu.