Kukadiria uzito wa mtoto mwenye utapiamlo mkali pale mizani inapokosekana

Ndugu watazamaji, katika video hii tutamkadiria uzito mtoto aliyefikishwa wodini usiku, wakati mizani ya kidijitali imeisha betri na ile ya kuning'inia inagoma kurudi kwenye sifuri. Mtoto huyu anahitaji maziwa ya F-75 na sindano ya jentamisini, na vyote viwili hupangwa kwa kila kilo ya uzito. Tutatumia vitu vitatu tu: kipimo cha urefu, utepe wa kupimia mkono, na jedwali la Shirika la Afya Duniani la uzito kwa urefu, ambalo katika vituo vingi limebandikwa ukutani.

Kabla ya kupima chochote, mwombe mama kadi ya kliniki. Uzito ulioandikwa wiki iliyopita una thamani kuliko makadirio yoyote tutakayoyafanya hapa, mradi mtoto hajaharisha sana wala hajavimba tangu siku hiyo. Uliza pia kama ipo mizani ya watu wazima inayofanya kazi, kwa sababu unaweza kumpima mama akiwa amembeba mtoto, kisha ukampima mama peke yake na kutoa. Yote hayo yakishindikana, ndipo tuendelee.

Mtoto wetu wa mfano ni mvulana wa miezi 14. Wapo watakaotaka kukadiria kwa umri, kwa kuwa ni njia ya haraka na mama huujua umri wa mwanawe. Katika wodi ya utapiamlo njia hiyo ni ya hatari. Mvulana wa kawaida wa miezi 14 ana uzito wa kilo 10.1 hivi, lakini mtoto aliyedumaa na kukonda kwa wakati mmoja hawezi kuwa na kilo hizo, na mwisho wa mfano huu utaona tofauti yake ni kubwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza ni urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala. Kama ubao wa kupimia haupo, sogeza meza ngumu hadi iguse ukuta, bandika utepe wa sentimita juu yake, na uhakikishe kwamba sifuri ya utepe iko pale meza inapokutana na ukuta. Tazameni sasa: msaidizi, ambaye anaweza kuwa mama mwenyewe, anashika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili hadi utosi uguse ukuta, huku macho ya mtoto yakitazama juu moja kwa moja. Mimi nabonyeza magoti kwa mkono mmoja hadi miguu inyooke, na kwa mkono mwingine naleta kitabu chenye jalada gumu hadi kiguse nyayo zote mbili, vidole vikiwa vimeelekea juu. Nasoma pale kitabu kinapokatiza utepe, hadi milimita ya mwisho, kisha narudia kipimo chote tangu mwanzo. Namba mbili zikipishana kwa zaidi ya nusu sentimita, napima mara ya tatu.

Kosa la kawaida ni magoti kukunjika, na si kosa dogo. Katika urefu wa mtoto kama huyu, kila sentimita inayopotea hupunguza uzito wa kwenye jedwali kwa gramu 200 hivi, kwa hiyo magoti yaliyolegea kwa sentimita mbili yanaweza kukupotezea gramu 400 hivi bila wewe kujua. Kwa mtoto huyu tumepata sentimita 70.0 mara zote mbili.

Sasa fungua jedwali la wavulana waliopimwa wakiwa wamelala, utafute mstari wa sentimita 70. Katikati ya mstari utakuta kilo 8.4, ambao ni uzito wa mtoto wa wastani mwenye urefu huo. Ukisogea kuelekea kwenye uzito mdogo utakuta 7.8 kwenye safu ya −1, kisha 7.2 kwenye safu ya −2, na 6.6 kwenye safu ya −3. Urefu umetupa mstari, lakini haujatuambia mtoto wetu yuko kwenye safu ipi. Tepe za dharura zinazosoma urefu peke yake, kama ule wa Broselow uliotengenezwa Marekani kwa vipimo vya watoto wa huko, zinamweka kila mtoto karibu na safu ya katikati. Kwa mtoto mwenye afya zinafaa sana, lakini kwa mtoto aliyekonda zinazidisha uzito, na kwa hiyo zinazidisha dawa.

Kazi ya kuchagua safu tunaipa mkono. Pima mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama ya kalamu katikati yake, kisha unyooshe mkono uning'inie ukiwa umelegea. Zungusha utepe juu ya alama hiyo, uguse ngozi pande zote bila kuibana. Ngozi ikijikunja pembeni mwa utepe, umekaza mno. Kukiwa na mwanga kati ya utepe na ngozi, umelegeza mno. Mtoto anayelia hukaza misuli, kwa hiyo subiri atulie mikononi mwa mama. Hapa tumesoma sentimita 11.2.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na mimi nauchukua kama ruhusa ya kutumia safu ya −3. Mkono ukiwa kati ya 11.5 na 12.5, nachukua nusu ya njia kati ya safu ya −3 na ya −2. Ukizidi hapo, natumia safu ya −1, isipokuwa mtoto awe amenona kwa kumtazama, ndipo narudi kwenye safu ya katikati. Hata hivyo, mkono na uzito kwa urefu havikubaliani kila mara, maana mtoto mdogo wa umri anaweza kuwa na mkono mwembamba bila kukonda kwa kiasi hicho. Kwa sababu hiyo mvue nguo umtazame: mbavu zinahesabika, mabega yamechongoka, ngozi ya makalio imekunjamana na kuning'inia? Macho na utepe vikisema jambo moja, endelea. Visipokubaliana, pima mkono upya kabla ya kufanya uamuzi.

Mvulana wetu ana dalili zote hizo, na miguu yake haibonyei tunapoikandamiza kwa kidole gumba. Kwa hiyo tunaandika kilo 6.6. Kumbuka kwamba safu ya −3 ni mpaka wa juu wa utapiamlo mkali, na wapo watoto walio chini yake, kwa hiyo ichukue namba hiyo kama dari na usiikadirie kwenda juu.

Twende kwenye hesabu. F-75 kwa mtoto asiye na uvimbe ni mililita 130 kwa kilo kwa siku, hivyo 130 mara 6.6 ni mililita 858, ambazo zikigawanywa katika milisho 12 ya kila saa mbili ni mililita 71 hivi kila mlisho. Kama tungechukua safu ya katikati tungempa mililita 1092 kwa siku, na kama tungekwenda kwa umri tungempa 1313, yaani mara moja na nusu ya anachostahili, wakati moyo wake hauna nguvu ya kuusukuma mzigo huo. Jentamisini ni miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku: kwa kilo 6.6 ni miligramu 49.5, sawa na mililita 1.2 ya chupa yenye miligramu 40 katika kila mililita. Kwa safu ya katikati ingekuwa miligramu 63, na dawa hii ikizidi huumiza figo na masikio.

Si kila dawa inahitaji woga huo. Glukosi ya asilimia 10 kwa mtoto ambaye sukari yake imeshuka ni mililita 5 kwa kilo, na tofauti kati ya mililita 33 na 42 haitamdhuru kama kucheleweshwa kutakavyomdhuru. Mpe kwanza, upime urefu baadaye.

Uvimbe unahitaji maelezo ya pekee. Mtoto aliyevimba miguu, mikono na uso ana maji yanayozidisha uzito wake kwenye mizani, na ndiyo sababu F-75 yake hushushwa hadi mililita 100 kwa kilo ya uzito huo wa mizani. Uzito tulioutoa kwenye jedwali hauna maji hayo ndani yake. Ukichukua uzito wa jedwali kisha ukazidisha kwa 100, umepunguza mara mbili, na mtoto atalala njaa. Isitoshe, mkono uliovimba husomeka mnene kuliko ulivyo, hivyo usiutumie kuchagua safu. Andika wazi kwenye faili kwamba uzito huu ni wa urefu na haujajumuisha uvimbe, ili daktari anayepanga kiasi cha maziwa ajue anazidisha nini.

Kwa watoto wa shule ipo kanuni iliyotokana na vipimo vya watoto wa Hong Kong: toa 10 kwenye mzingo wa mkono kwa sentimita, kisha uzidishe kwa 3. Mkono wa sentimita 17.5 unatoa kilo 22.5. Usimpeleke huko mtoto mdogo, kwani mvulana wetu wa sentimita 11.2 angetoka na kilo 3.6, uzito wa mtoto mchanga.

Baada ya mlisho wa kwanza, makadirio yetu hukaguliwa na mtoto mwenyewe. Hesabu mapigo ya moyo na pumzi kabla ya kulisha na baada yake. Mapigo yakipanda kwa 25 au zaidi kwa dakika pamoja na pumzi kwa 5 au zaidi, simamisha maziwa, mwite daktari, na urudi kwenye jedwali kuona kama safu uliyochagua ilikuwa ya juu mno.

Kwenye chati usiandike kilo 6.6 peke yake. Andika: uzito wa kukadiria, kilo 6.6, urefu 70.0, mkono 11.2, safu ya −3, hakuna uvimbe, pamoja na saa na jina lako. Mizani ikipatikana asubuhi, ijaribu kwanza kwa dumu la lita 5 za maji, ambayo yanapaswa kuongeza kilo 5 juu ya uzito wa dumu tupu, kisha mpime mtoto na upange upya maziwa na dawa zote kwa uzito huo mpya. Grafu ya kuongezeka uzito ianzie hapo: mizani ikisema kilo 6.9, zile gramu 300 ni tofauti ya makadirio, na mtoto hajanenepa kwa usiku mmoja.