Vile utawaeleza mabosi kwamba seva ya pili si bakapu, kwa matanki ya maji tu

Mambo wadau. Leo tuna kazi moja tu, kuwaeleza mabosi mbona seva ya pili si bakapu. Hapa ndipo tunawapoteza watu mapema, unasema tu "replikesheni" na mkurugenzi wa fedha ashashika simu yake.

Kwanza, usifungue slaidi, anza na ploti yoyote ya Nairobi. Waambie hivi: "Juu ya paa tuna matanki mawili yameunganishwa na paipu. Moja likipasuka tunafunga koki yake, wapangaji wanaendelea kuoga na lile lingine." Usiidharau hiyo kazi ya tanki la pili, la sivyo watauliza mbona mliinunua hiyo seva.

Pili, mwaga mafuta taa. "Sasa fundi amepanda juu na mafuta taa, yakamwagika kwa tanki la kwanza. Paipu inapitisha chochote, na kabla fundi hajashuka ngazi matanki yote mawili yananuka." Kwa seva, mafuta taa ni amri kama hii:

```sql
DELETE FROM malipo;
```

Mtu amesahau `WHERE`, malipo yote yamefutika, na seva ya pili imeiga hivyo hivyo kwa sekunde chache. Hii lakini ni yetu sisi, mabosi usiwaonyeshe.

Tatu, leta mitungi. Ile iliyojazwa jana usiku, ikafungwa vifuniko na kuwekwa stoo mbali na paipu, hiyo ndiyo bakapu. Nyamaza hapo, maswali yatakuja yenyewe. Kuna miting madam mmoja wa bodi aliniuliza, "Na hiyo mitungi inajazwa saa ngapi, na ni nani ameionja?" nikajua tumefika, kwa sababu hayo ndiyo maswali yenyewe.

Jibu kwa masaa: "Tunajaza saa nane usiku, kwa hivyo mafuta yakimwagika saa nane mchana, malipo ya masaa 12 yameenda. Na kubeba mitungi hadi juu, tulipojaribu, ilichukua masaa 4." Kama hamjawahi kujaribu kurudisha data, sema wazi hakuna aliyeonja. GitLab walifuta databesi yao kimakosa tarehe 31 Januari 2017, wakakuta bakapu zao za kawaida hazikuwa zikifanya kazi, kilichowaokoa ni nakala mtu alikuwa ametoa kwa mkono kama masaa 6 kabla.

Kuna mahali huu mfano unakatika na lazima useme: mafuta taa yananuka, data mbovu hainuki, inaweza kukaa siku tano kabla mtu wa akaunti aone hesabu haishikani, na mtungi wa jana wakati huo tayari ni mchafu. Ndio maana unaomba mitungi ya siku kadhaa, si mmoja, na siku moja kila mwezi ya kuionja. Taja bei yake kwa shilingi, kisha ngoja wajibu.