Chupa Iliyorudi: Siagi ya Karanga ya Barabara ya 12 Yafungua Mlango Jumamosi

ZAINABU: Haya, karibuni tena. Leo salamu fupi, maana wifi yangu kaja na chupa mbili za siagi yake ya karanga kaziweka mezani. Moja imefungwa vizuri. Nyingine iko wazi, na hiyo sitaki hata kuisogelea. Wifi, waeleze wenzetu.

MWANAIDI: Imerudi kwangu Jumanne asubuhi. Jirani yangu kaja nayo ndani ya mfuko, kaiweka juu ya kibaraza, akasema, "Mama, hii imeota." Nikafungua. Kwenye ukingo, chini kidogo ya kifuniko, vidoa vya ukungu wa kijani.

ZAINABU: Na duka unafungua Jumamosi.

MWANAIDI: Jumamosi hii hii. Wallahi usiku ule sikulala. Kwenye mkaango ule nilikuwa nimebakiza chupa nane kabatini. Nimezifungua zote nane, moja baada ya moja, nimenusa, nimeonja. Nzima. Mafuta yamepanda juu, basi, na hilo ni jambo la kawaida.

ZAINABU: Hapo simama, maana hilo watu hawalijui. Mimi mwenyewe ulipoleta ile ya kwanza nilidhani umeongeza mafuta ya kula ndani.

MWANAIDI: Sitii hata tone. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, wifi. Ukiisaga yanatoka, ukiiweka kabatini yanapanda. Unakoroga tu mpaka chini. Zile za dukani zisizopanda mafuta zimetiwa mafuta mengine ya kuzigandisha. Kwa hiyo mafuta juu si kuharibika. Kuharibika ni ukungu, au harufu kali ya mafuta yaliyokaa mno, na ladha ya uchungu.

ZAINABU: Sasa hii moja imeharibikaje, kama nane zilizobaki ni nzima?

MWANAIDI: Nikamwuliza jirani, "Hii chupa nilikupa mimi?" Akasema, "Siagi ni yako, chupa yangu." Ndipo nikakumbuka. Alikuja na chupa yake ya jemu akaniomba nimpimie humo. Kaiosha, kaifuta, inang'aa. Lakini kwenye zile njia za kifuniko na chini kule kwenye pembe, maji hayakauki kwa kitambaa. Matone mawili matatu yanatosha. Siagi ya karanga yenyewe ni kavu, ndiyo maana inakaa miezi. Ukungu haupati maji ya kuota. Ukimletea maji, umempa makao.

ZAINABU: Subiri. Watoto wake hawachoti na kijiko kilichotoka kwenye kikombe cha chai?

MWANAIDI: Wanachota.

ZAINABU: Basi!

MWANAIDI: Basi nini?

ZAINABU: Basi hujui kama ni chupa au ni kijiko. Wasikilizaji, nawaambieni hili mapema kwa sababu wifi yangu katoka na sheria mpya: dukani kwake hapimi kwenye chombo cha mteja. Unanunua chupa yake, au huna chako.

MWANAIDI: Ndiyo, na sibadilishi.

ZAINABU: Tutafika huko. Tulisema leo tutataja mambo manne ya kujua kabla ya kufungua biashara ya chakula nyumbani. Anza na la kwanza, karanga yenyewe.

MWANAIDI: La kwanza ni kuchambua. Safari hii nimenunua kilo 20 Soko la Mgandini, kilo Sh 3,500, jumla Sh 70,000. Nimezimwaga kwenye mkeka, mimi na mama mkwe, tangu baada ya chai mpaka adhuhuri. Tunatoa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au manjano. Tumetoa kilo 1.6.

ZAINABU: Pesa hiyo.

MWANAIDI: Sh 5,600 nimeitupa. Kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu. Wasikilizaji wanakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga nayo ni mwathirika mkubwa, hasa ikikaushwa vibaya au ikihifadhiwa penye unyevu, na Tanga hii unaijua hewa yake. Ule ukungu ukishatoa sumu, kukaanga hakuiondoi. Inapungua kidogo, haiishi. Kwa hiyo kinga ni kuitoa ile punje kabla haijafika kwenye karai.

ZAINABU: Na zinazoonekana nzuri?

MWANAIDI: Jicho halimalizi kazi. Punje inaweza kuwa na sumu na ikang'aa. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, hizo huzioni kwa macho, ni maabara. Ndiyo maana nanunua zilizokauka hasa, ukiitikisa kiganjani inalia, na gunia nalipandisha juu ya mbao, haligusi sakafu wala ukuta.

ZAINABU: Na zile kilo 1.6 zilikwenda kwa kuku wa nani?

MWANAIDI: Hazikwenda kwa kuku. Nimezichimbia. Ukimpa kuku sumukuvu unamwumiza, na sitaki irudi mezani kwa njia ya mayai.

ZAINABU: Haya. Baada ya hapo?

MWANAIDI: Nakaanga moto mdogo wa mkaa, mwiko hausimami. Nachukua punje moja nasugua kwa vidole: ngozi ikichomoka yenyewe, na ndani imepata rangi ya biskuti, naipua hapo hapo. Usingoje iwe kahawia karaini, kwa sababu inaendelea kuiva ikishamwagwa kwenye ungo. Nilisubiri mara moja, ikawa chungu kilo tatu nzima. Ikipoa tunasugua, tunapepeta.

ZAINABU: Halafu mashine. Waeleze lile la mashine, maana nilikuwepo.

MWANAIDI: Karanga mashineni kwanza inakuwa unga. Halafu inashikana, inakuwa donge zito kama ugali, mashine inanguruma. Hapo ndipo mtu anasema, "Tia maji kidogo." Ukitia maji umeiua, inakaza zaidi na haitakaa wiki. Unaisukuma pembeni, unapumzisha mashine, unaendelea. Dakika chache tu mafuta yanaachia, inalainika inatiririka yenyewe. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kilo. Sukari situmii.

ZAINABU: Kilo 20 zimetoa ngapi?

MWANAIDI: Ukiondoa nilizozitupa zinabaki 18.4. Moto unakausha karibu kilo moja, ngozi na vile viini kama gramu 700, na kiasi kinachobaki kwenye mashine. Nimepata kilo 16.4. Hizo ni chupa 41 za gramu 400.

ZAINABU: Kwa hiyo karanga ndani ya chupa moja ni kama Sh 1,700, na chupa yenyewe?

MWANAIDI: Sh 900 pamoja na kifuniko. Bado mkaa, umeme, lebo na mikono ya watu wawili. Nauza Sh 5,000.

ZAINABU: Sasa tumefika. Wifi, Barabara ya 12 nani ana Sh 5,000 ya siagi asubuhi? Sisi tunapimiwa mafuta ya kula, tunapimiwa sukari, tunapimiwa dagaa. Mama ana Sh 500 na watoto watatu wanakwenda shule. Ukiondoa bei ya chupa, gramu 400 ni Sh 4,100. Sh 500 ni karibu gramu 49, vijiko vitatu vya chakula. Mkate wa watoto umepakwa. Wewe unamwambia arudi na elfu tano.

MWANAIDI: Namwambia nitamletea kopo dogo la gramu 250.

ZAINABU: La bei gani?

MWANAIDI: Sh 3,500.

ZAINABU: Si Sh 500, wifi.

MWANAIDI: Najua. Lakini nikimpimia Sh 500 kwenye kikombe chake chenye maji, mtoto akaumwa tumbo, atasema siagi ya nani?

ZAINABU: Vijiko vitatu haviishi asubuhi ile? Ukungu utaota saa ngapi? Wewe ukungu umeuona kwenye chupa iliyokaa siku 16. Ya Sh 500 haifiki hata mchana.

MWANAIDI: Wewe unadhani. Leo Sh 500, kesho mtu analeta chupa ya kilo, "nipimie kama ulivyompimia fulani." Nitamkatalia kwa maneno gani?

ZAINABU: Umwambie ukweli: cha kula leo napima, cha kuweka nauza na chupa.

MWANAIDI: Na nani atalinda hilo mimi nikiwa nyuma nakaanga? Mtoto wa dukani?

ZAINABU: Weka vikaratasi vya kufungia, kama karanga za barabarani.

MWANAIDI: Siagi kwenye karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa wino! Siwezi, wifi. Jina lililo kwenye lebo ni la nyumba yetu, na nyumba yetu ni ya kaka yako pia.

ZAINABU: Kaka yangu kalelewa kwa vitu vya kupimwa, wifi. Mama alikuwa akitutuma na kikombe.

MWANAIDI: Najua, kanihadithia. Bado sipimi.

ZAINABU: Na mimi bado nasema unamfungia mlango mteja wako wa kwanza, yule jirani mwenyewe.

MWANAIDI: Yule jirani nimempa chupa mpya bure. Na kijiko kikavu.

ZAINABU: (anacheka) Na kijiko! Ona sasa saa, tumebakiwa na dakika mbili, na katika mambo manne tumesema moja. Kodi, lebo na vibali vya TBS tuviache. Toa maelezo ya oda haraka.

MWANAIDI: Duka liko Ngamiani, Barabara ya 12, kibaraza chenye mlango wa bluu. Jumamosi saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, kisha kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Kopo gramu 250 Sh 3,500, chupa gramu 400 Sh 5,000, kilo moja Sh 12,000. Ipo laini na ipo yenye chenga. Ukirudisha chupa yangu tupu na kifuniko chake, unapunguziwa Sh 500 kwenye inayofuata, naichemsha na kuikausha mwenyewe.

ZAINABU: Anayetaka oda?

MWANAIDI: Namba imeandikwa kwenye maelezo ya kipindi hiki. Tuma ujumbe kabla ya Jumatano jioni: jina, mtaa, ukubwa, laini au chenga, yenye chumvi au isiyo na chumvi. Lipa nusu kwa simu. Alhamisi nakaanga, Ijumaa nasaga, Jumamosi unapata. Ngamiani yote mtoto anakuletea kwa baiskeli bure. Raskazone, Sahare na Pongwe ni bodaboda, nauli yako. Na mwenye mzio wa karanga asinunue hata kuonja. Ukipata, iweke kabatini kivulini, maliza ndani ya miezi miwili.

ZAINABU: Na kijiko?

MWANAIDI: Kikavu.

ZAINABU: Nitakuja Jumamosi na kikombe changu.

MWANAIDI: Njoo nacho utie chai, wifi. Siagi utanunua kwa chupa.